Fahamu: Barua ya mkaguzi inasema hesabu ni zako

Tuseme una kampuni ya kununua kahawa Moshi. Mkaguzi wa hesabu amekuletea barua ya makubaliano, na aya moja inakukera: uongozi ndio unaowajibika kuandaa hesabu na kuweka udhibiti wa ndani. “Sasa mimi namlipa wa nini?”

Aya hiyo hakuitunga yeye. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 210, kinachofuatwa Tanzania chini ya NBAA, kinamtaka apate kwanza kukiri kwako. Ukikataa, haipokei kazi.

Mipaka ya kazi yenyewe? Ghala lina magunia 2,000. Atashuhudia mkiyahesabu, atachagua machache, tuseme 40, ayapime na kuyalinganisha na leja. Anatafuta uhakika wa kuridhisha kwamba hesabu hazina kosa kubwa. Mtunza ghala anayechomoa gunia moja kila mwezi huenda akampita. Wa kumnasa ni wewe, kwa mizani, stakabadhi na kufuli yenye funguo mbili kwa watu wawili.

Ila barua ikidai udanganyifu haumhusu kabisa, usisaini. Ule mkubwa unaopotosha hesabu bado ni kazi yake kuutafuta.