Milioni moja ipi?

Tangazo la kazi ya uhasibu Dar es Salaam linasema: tuma barua pepe, ambatanisha wasifu, taja mshahara unaotarajia. Mwombaji anawaza kodi ya nyumba, nauli na ada ya mtoto, kisha anaandika "1,000,000". Hapo ameshajipunja, na wala hajui.

Yeye anafikiria hela ya kushika mkononi. Mwajiri anasoma mshahara kabla ya makato. Kwenye milioni hiyo, NSSF inachukua asilimia 10, yaani 100,000. Zinabaki 900,000 za kukatwa kodi, na kwa viwango nilivyopigia hesabu hii, kodi ni 103,000. Mkononi zinafika 797,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi, ondoa tena asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo hesabu ianzie mwisho irudi nyuma. Ukitaka milioni mkononi, bila deni la Bodi, mshahara kabla ya makato uwe kama 1,315,000. Hicho ndicho kima chako cha chini, na hakina haja ya kuonekana kwenye barua.

Cha juu hakitoki kichwani mwako, kinatoka sokoni. Waulize watu wawili watatu wanaofanya kazi hiyohiyo, kwenye kampuni za ukubwa huohuo. Usiwaulize "unalipwa ngapi?", maana watakukwepa. Waulize, "Mhasibu wa miaka minne hapo kwenu huanzia ngapi?" Tuseme majibu yanacheza kati ya 1,300,000 na 1,600,000. Ukiandika milioni 2.5, wasifu wako unaweza kuwekwa pembeni kabla hujaitwa kwenye usaili.

Sasa andika sentensi mbili tu, mwishoni mwa barua:

"Natarajia mshahara wa kati ya Sh 1,400,000 na 1,600,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Niko tayari kuzungumza kulingana na majukumu, bima ya afya na posho."

Angalia kwamba namba ya chini imepita kima chako. Ni makusudi, kwa sababu mwenye kulipa hushika ile ndogo. Usiweke pale namba ambayo ukipewa utanuna. Na pengo lisiwe pana: "kati ya 800,000 na milioni 2" inamwambia msomaji kwamba hujui thamani ya kazi yako.

Wengi huandika "maelewano" wakadhani wameponea hapo. Binafsi siipendi. Mwajiri ameomba namba, na mwenye waombaji mia hana muda wa kukufuata kuiuliza. Mshahara wako wa sasa nao usiutaje kama hawakuuliza. Ukishautaja, mazungumzo yote yataanzia hapo.

Kabla ya kutuma, hakikisha maneno "kabla ya makato" yamo.