Alama Zilizotajwa na Alama Zilizobaki: Muhtasari wa Kikao cha Tathmini ya Zabuni

Muhtasari wa kikao cha kamati ya tathmini ya zabuni hujibu maswali matatu: wazabuni walipimwa kwa vigezo gani, kila mmoja alipewa alama ngapi, na kwa nini huyu akatangulia yule. Kikao chenyewe hakiendi kwa mpangilio huo. Katika rekodi ya sauti, mjumbe mmoja hutaja alama kabla ya sababu, mwingine hutoa sababu bila kusema ni ya kigezo kipi, na wa tatu hurudi nusu saa baadaye kubadili alichokisema. Anayeandika muhtasari hupanga upya maneno hayo pasipo kuongeza neno ambalo halikusemwa.

Kazi huanza kabla ya kusikiliza. Nchini Tanzania ununuzi wa umma unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, na kanuni ya msingi ni kwamba wazabuni hupimwa kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye nyaraka za zabuni, si kwa vingine. Kwa hiyo orodha ya vigezo pamoja na uzito wake hunakiliwa kutoka kwenye nyaraka hizo, si kutoka kwenye rekodi. Katika zabuni nyingi za bidhaa na ujenzi alama hazina nafasi kubwa: mzabuni ama ametimiza masharti ama hakutimiza, kisha bei hulinganishwa. Alama hutawala zaidi katika huduma za ushauri, ambako pendekezo la kiufundi hupimwa kwanza, na pendekezo la fedha hufunguliwa tu kwa waliofikia kiwango cha chini.

Chukua mfano wa kubuni. Halmashauri inatafuta kampuni ya kusanifu soko na kusimamia ujenzi wake. Nyaraka zinagawa alama 100 hivi: uzoefu wa kampuni 10, mbinu na mpango kazi 30, wataalamu 50, mafunzo kwa watumishi wa halmashauri 10. Kiwango cha chini ni 75. Wajumbe ni watatu, na kampuni zitaitwa A, B na C.

Katika mbinu na mpango kazi wa kampuni A, Mjumbe wa Kwanza anatoa 24, wa Pili 27, na wa Tatu 18. Wa Tatu anaeleza kwamba hakuona ratiba ya usimamizi wa ujenzi. Mwenzake anamwonyesha kuwa ratiba ipo kwenye kiambatisho. Anaisoma, kisha anasema, “Basi mimi naweka 21.” Wastani unakuwa 24. Mwandishi aliyeshika ile 18 ya awali angepata 23, na tofauti hiyo si ndogo: kwa hesabu sahihi kampuni A inafikisha 83 kwa jumla, mbele ya kampuni B yenye 82.5. Kwa 18, A ingeshuka hadi 82 na kuwa ya pili. Ndiyo maana muhtasari huandika alama zote mbili, ukionyesha ipi ilikuwa ya muda na ipi ni ya mwisho, dakika ya rekodi ambapo badiliko lilitokea, na sababu aliyoitaja mjumbe mwenyewe. Sababu hiyo ndiyo inayolitenganisha badiliko halali na lenye mashaka. Kuona ukurasa uliorukwa ni sababu inayohusu pendekezo. Kusema “nisiwe mbali na wenzangu” haihusu pendekezo hata kidogo, na hiyo nayo huandikwa kama ilivyosemwa.

Masikio pia hudanganya. Katika rekodi yenye kelele za feni, thelathini na themanini hukaribiana sana. Wapo pia wajumbe wanaosema “asilimia themanini” wakimaanisha asilimia ya kigezo, ambayo kwa kigezo cha alama 30 ni 24. Dawa yake ni hesabu. Hakuna alama inayoweza kuzidi uzito wa kigezo chake, na jumla anayoisoma katibu mwishoni lazima ilingane na alama za mwisho za kila mjumbe. Zisipolingana, mwandishi harekebishi namba kwa kukisia. Anaacha zote mbili, anaandika kwamba hazilingani, na kuirudisha hoja kwa kamati.

Sababu za nafasi ndizo ngumu kuliko alama, kwa kuwa ndizo zinazoshawishi mwandishi kusaidia. Kampuni C imepata 68 na imetoka. Ukitazama alama zake utaona wataalamu wamepewa 36 kati ya 50, na ni rahisi kuandika kwamba ilianguka kwa udhaifu wa wataalamu. Lakini kwenye rekodi wajumbe walizungumzia jambo moja tu: msimamizi wa ujenzi aliyependekezwa hakuwa na miaka ya uzoefu iliyotakiwa. Hilo ndilo la kuandikwa. Kigezo ambacho alama zake zilitajwa bila maelezo huandikiwa “sababu haikutajwa”, hata kama safu hiyo itajirudia mara nyingi. Pengo lililoonyeshwa linaweza kujazwa na wajumbe wenyewe wakiwa bado na kumbukumbu, ilhali pengo lililofunikwa kwa sentensi nzuri huonekana siku mzabuni aliyeshindwa anapopeleka malalamiko yake mbele.

Kuna pia maneno yaliyo nje ya vigezo. Mjumbe wa Pili anasema kampuni B “ina ofisi hapa hapa mkoani, itatusaidia.” Nyaraka hazikutoa alama kwa ofisi ya mkoani. Kauli hiyo haipangwi chini ya uzoefu wala chini ya mbinu ili ionekane ina mahali. Huwekwa sehemu ya peke yake, pamoja na maelezo kama ilifuatiwa na badiliko la alama au la.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba rekodi ya kikao cha kiufundi haina mshindi. Bei hazipaswi kujulikana wakati huo, na kama mjumbe ametaja bei ya kampuni yoyote, dakika hiyo huwekwa wazi mbele ya mwenyekiti. Katika mfano huu mapendekezo ya fedha yanafunguliwa baadaye: A inataka shilingi milioni 240, B milioni 225. Nyaraka zimeipa sehemu ya kiufundi asilimia 80 na bei asilimia 20. Bei ya chini hupata 100, na ya A inapata 93.75, yaani 225 kugawanya kwa 240 mara 100. A inaishia na 85.15, na B na 86. Kwa hiyo muhtasari hausemi kwamba B ilikuwa bora zaidi kiufundi, maana haikuwa. Unasema kwamba A ilitangulia kwa nusu alama katika kiufundi, na B ikaipita kwa sababu ya bei.

Rasimu ikikamilika hupelekwa kwa wajumbe pamoja na dakika za rekodi, ili kila mmoja athibitishe alama zake. Haichukui nafasi ya taarifa ya tathmini inayosainiwa na wajumbe na kufikishwa kwenye Bodi ya Zabuni. Huisaidia taarifa hiyo kuandikwa. Rekodi na rasimu vyote ni siri ya mchakato. Havitumwi kwenye makundi ya simu wala havipandishwi kwenye huduma za mtandaoni za kugeuza sauti kuwa maandishi ambazo taasisi haijaziidhinisha, bali huhifadhiwa kwenye jalada la zabuni hiyo pamoja na nyaraka zake nyingine.