Kusoma Vifupisho katika Madaftari ya Wainjilisti: Mfano kutoka Korogwe na Handeni

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mzee alifika katika ofisi ya usharika mmoja ulio kati ya Korogwe na Handeni, akiomba cheti cha ubatizo. Alikihitaji ili kupata cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa cheti cha ubatizo ni miongoni mwa vielelezo vinavyoweza kutumika mtu anapoandikishwa akiwa amekwisha kuwa na umri mkubwa. Kitabu cha ubatizo cha miaka yake kilikuwa kimeliwa na mchwa. Kilichosalia ni daftari la mkononi la mwinjilisti aliyezunguka mitaa ile wakati huo. Humo ulikuwamo mstari mmoja uliodhaniwa kumhusu:

Kwam. J2 7/8/55. Ub. mt. 2, mk. 1 (M.). S. 12/50.

Mtumishi aliyekuwa ofisini aliusoma mstari huo upesi, akaandaa cheti: siku ya Jumapili, tarehe 7 Agosti 1955, huko Kwamkono, walibatizwa watoto wawili na mwanamke mmoja, jina lake Maria. Mama yule aliitwa Maria, na kwa hiyo akahesabiwa kuwa ndiye mwanamke huyo. Lakini yeye mwenyewe alisema alipelekwa kwenye ubatizo akiwa mgongoni mwa mama yake. Hapo ndipo tulipoitwa kuliangalia daftari.

Ugumu wa vifupisho vya Kiswahili unatokana na umbo la lugha yenyewe. Anayefupisha neno kwa kawaida huacha mwisho wake na kuhifadhi mwanzo. Lakini mwanzo wa nomino zetu ni kiambishi cha ngeli, na kiambishi hicho ni cha maneno mengi mno. "Mk." yaweza kuwa mke, mkubwa, Mkristo, mkulima, au Mkata iliyoko Handeni, nasi wachungaji, kwa mazoea yetu ya Biblia, huona Marko. "Mt." yaweza kuwa mtoto, mtu, mtaa, mtakatifu, au Mathayo. Herufi mbili za kwanza hazitoshi kutuambia neno. Majina ya mahali katika eneo hili yana shida iyo hiyo: Kwamkono, Kwamsisi na Kwamatuku ziko upande wa Handeni, na Kwamndolwa iko upande wa Korogwe. Zote zaweza kuandikwa "Kwam."

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ni kuunakili mstari kama ulivyo, pamoja na nukta na mabano yake, bila kujaza lolote. Hatua ya pili ni kulisoma daftari zima la mwandishi huyo, na kuorodhesha kila mahali alipotumia kifupisho kile kile. Mwandishi hufasiriwa kwanza kwa maandishi yake mwenyewe. Mazoea ya mwandishi mwingine ni ushahidi hafifu.

Tuanze na "J2". Yaweza kuwa Jumapili, lakini pia yaweza kuwa Jumapili ya pili ya mwezi. Kalenda ya mwaka 1955 inaonyesha kwamba tarehe 7 Agosti ilikuwa Jumapili ya kwanza, basi maana ya pili haiwezekani. Tena siku mbili baadaye ameandika "J4 9/8", na tarehe hiyo ilikuwa Jumanne. Kalenda hiyo hiyo inaondoa shaka juu ya tarehe, kwa maana tarehe 8 Julai ilikuwa Ijumaa. Kama mstari wetu ungekuwa wa tarehe 14 Agosti, maana zote mbili za "J2" zingepatana na kalenda, nasi tusingaliweza kuamua kwa mstari huo peke yake.

"Ub." haikutupa taabu, kwa kuwa katika ukurasa wa kwanza ameandika "Ubatizo" kwa ukamilifu juu ya safu ile ile. "Mk." ndiyo iliyokuwa kiini cha jambo. Katika mwaka 1955 kifupisho hicho kimetokea mara 5 katika orodha za ubatizo, na tarakimu zake zikijumlishwa zinakuwa 7. Zile za "mt." zinakuwa 19. Mwishoni mwa mwaka mwinjilisti ameandika muhtasari bila kufupisha: "watoto 19, wakubwa 7". Zaidi ya hayo, mstari mmoja wa mwezi Oktoba unasema "mk. 2 (Bw. na Bi.)". Mwanamume hawezi kuhesabiwa kuwa mke. Basi "mk." ni mkubwa, yaani mtu mzima, na "mt." ni mtoto. Hapa tuna mashahidi wawili wasiotegemeana, nasi tunaweza kulikamilisha neno pasipo hofu.

Mengine hayakukamilika. Kuhusu "Kwam.", tuliona kwamba kesho yake, Jumatatu, mwinjilisti alikuwa Korogwe. Jambo hilo linaelekeza Kwamndolwa, iliyo karibu na mji, lakini halithibitishi, kwa maana mtu aweza kusafiri kutoka Handeni asubuhi akafika. Hakuna ukurasa alipoandika jina hilo lote. "M." haikuweza kufunguliwa kabisa, kwa kuwa yaweza kuwa Maria, Marta, Musa au jina jingine lolote la herufi hiyo. "S." yaweza kuwa sadaka au shilingi, kiasi cha shilingi 12 na senti 50 ni wazi, lakini neno lenyewe si wazi.

Namna ya kuandika matokeo haya ipo tayari. Wanaohariri maandishi ya kale walipatana mwaka 1931 huko Leideni kwamba herufi zinazoongezwa ili kukamilisha kifupisho ziwekwe ndani ya mabano ya mviringo. Kwa hiyo tuliandika: Kwam. J(uma)2 7/8/55. Ub(atizo): mt(oto) 2, mk(ubwa) 1 (M.). S. 12/50. Mabano yanayozunguka "M." ni ya mwinjilisti mwenyewe, nasi tulilieleza hilo chini ya nakala. Msomaji anaona lililoandikwa na lililoongezwa, na pale tusipojua hatukuongeza kitu.

Wanafunzi wa Agano Jipya wanalijua tatizo hili kutoka 1 Timotheo 3:16. Katika hati za kale neno "Mungu" lilifupishwa kwa theta na sigma, na mstari juu yake. Neno "ambaye" ni omikroni na sigma. Katika Kodeksi ya Aleksandria, ya karne ya 5, mstari wa juu ulitiwa baadaye kwa wino mwingine, na kistari cha ndani ya herufi kilielezwa kuwa ni wino ulioonekana kupitia upande wa pili wa ngozi. Wataalamu wengi wanakubali kwamba mwandishi wa kwanza aliandika "ambaye". Anayekamilisha kifupisho kwa neno analolitazamia anaandika imani yake mwenyewe juu ya mkono wa mwingine, hata kama imani hiyo ni njema.

Turudi kwa mama yetu. Cheti kile cha kwanza kingalimfanya kuwa mtu mzima mwaka 1955, na kumwongezea umri kwa miaka mingi. Usomaji sahihi uliondoa kosa hilo, lakini haukuthibitisha kwamba yeye ni mmoja wa wale watoto wawili, kwa kuwa majina yao hayamo. Cheti hakikutolewa. Mchungaji aliandika barua iliyonakili mstari ule kama ulivyo, ikaeleza lililo hakika na lisilo hakika, akaambatanisha ushuhuda wa dada yake mkubwa aliyekuwapo siku ile. Barua hiyo ilisema machache kuliko cheti, lakini mchungaji aliweza kuitia sahihi yake.