Weusi Chini ya Macho Pichani: Punguza Nusu, Usifute

Kwenye picha za harusi, anayeombewa kazi hii mara nyingi si bibi harusi bali mama yake. Amelala wa mwisho, ameamka wa kwanza, na picha imemsema. Mteja anaagiza kwa ufupi: "Mtoe huo weusi chini ya macho." Fundi anautoa wote, na familia ikipokea picha inamwona mtu anayefanana na mama yao, lakini si yeye. Shida ni kwamba unaoitwa weusi ni vitu vitatu vilivyokaa mahali pamoja, na kila kimoja kinataka mkono wake.

Cha kwanza ni kivuli chenyewe. Kuanzia kona ya ndani ya jicho kuna bonde linaloteremka kwa mshazari hadi mwanzo wa shavu. Mwanga ukitoka juu, nyusi na mfupa wa jicho vinalizuia bonde hilo lisipate mwanga. Cha pili ni rangi ya ngozi. Ngozi ya hapo ni nyembamba kuliko ya shavu. Kwa watu weupe huwa na usamawati wa damu inayopita chini yake, na kwetu sisi weusi huwa kahawia iliyokolea, mara nyingi ya kurithi, kiasi kwamba hata aliyelala usiku kucha anayo. Cha tatu ni umbo: mkunjo ulio chini tu ya kope, na kijivimbe kinachojitokeza mtu anapocheka. Kivuli na rangi tunavipunguza. Umbo tunaliacha, kwa sababu kicheko cha kweli hupandisha shavu na kukunja ngozi chini ya jicho. Ukiufuta mkunjo huo, mdomo unabaki unacheka huku macho yamenyamaza.

Sehemu kubwa ya kivuli huondoka kabla ya kompyuta kuwashwa. Jua la mchana la Dar es Salaam au Mombasa linakuwa karibu utosini, na hakuna mwanga mbaya zaidi kwa macho. Msogeze mama barazani, uso wake uelekee kule kuliko wazi, kisha msaidizi ashike rifleka au shuka jeupe usawa wa kifua ili mwanga urudi juu kidogo. Usilishushe mno, maana mwanga ukizidi kutoka chini unageuza vivuli vya uso mzima na mtu anatisha.

Lakini mara nyingi picha inafika mezani ikiwa imeshapigwa. Chukua ya mama wa miaka 58, mwenye ngozi ya maji ya kunde, aliyepigwa saa saba mchana pembeni ya hema. Anatabasamu, macho yamezama. Kwanza ninapima. Ndani ya Photoshop nachukua Eyedropper, naweka Sample Size iwe 5 by 5 Average ili nisidanganywe na nukta moja, halafu nasoma kwenye Info. Juu ya shavu, mahali pasipong'aa, napata 142, 98, 74 kwa nyekundu, kijani na bluu. Ndani ya bonde napata 88, 60, 50. Shabaha yangu haiwi shavu. Inakuwa katikati ya hizo mbili, yaani karibu 115, 79, 62. Bonde linabaki jeusi kuliko shavu kama lilivyo kwenye uso wa kila mtu mzima, ila haliwi tena kitu cha kwanza kuonekana.

Naongeza tabaka la Curves na kuinua katikati ya mstari kiasi. Picha nzima inang'aa, kwa hiyo nabonyeza Ctrl+I ili barakoa ya tabaka hilo igeuke nyeusi na kila kitu kirudi kama mwanzo. Sasa nachora kwa brashi nyeupe laini, upana wake usizidi upana wa bonde, Flow ikiwa asilimia 5. Kila mpito unaongeza kidogo sana, na hilo ndilo ninalotaka. Napita ndani ya bonde pekee. Siugusi mstari mwembamba chini ya kope, wala mikunjo ya kona ya nje ya jicho. Nikifika karibu na shabaha, nasimama.

Hapa ndipo ngozi nyeusi inapowaumbua mafundi wengi. Kivuli kina wekundu mchache kuliko shavu, na ukikiinua unainua na upungufu huo. Bonde la mama huyu lilisoma 115, 83, 71: mwanga umefika, lakini kijani na bluu vimezidi, na kwa macho linaonekana kama limepakwa majivu. Kuongeza mwanga tena kunazidisha majivu. Dawa ni rangi. Nafungua tabaka jipya tupu, naliweka Color, nashikilia Alt na kuchota rangi ya shavu pale pasipong'aa, kwa sababu penye mng'ao rangi imeshapauka. Napaka bondeni, kisha nashusha Opacity hadi sifuri na kuipandisha polepole mpaka majivu yapotee. Kwa mama huyu ilitosha asilimia 25. Nikienda mbali zaidi, rangi yake ya asili ya hapo nayo inaanza kufutika.

Wengi huuliza kwa nini nisitumie Healing Brush, ambayo inamaliza kazi kwa sekunde chache. Hiyo hunakili ngozi ya shavu na kuibandika chini ya jicho. Shavu lina vinyweleo vikubwa, chini ya jicho kuna mistari myembamba sana. Ukikuza picha unaona kiraka, na hata kwa umbali jicho la mtazamaji linahisi kuwa pana kitu. Mimi naitumia kwa chunusi au unyoya, si kwa kivuli.

Namna ya kujua kama umezidisha ni rahisi. Usihukumu ukiwa umekuza picha. Irudishe kwenye ukubwa ambao watu wataiona, zima matabaka yako na uyawashe. Ikiwa macho yako yanakimbilia chini ya jicho kila unapowasha, umezidisha. Halafu linganisha macho mawili. Upande uliokuwa mbali na mwanga una haki ya kubaki mweusi zaidi, na ukiyasawazisha yote mawili uso unakuwa bapa. Mwisho, weka kwa muda tabaka la Black & White juu ya yote. Pasipokuwa na rangi, doa lolote jeupe uliloacha linajitokeza lenyewe.

Zipo picha zisizokubali. Ya simu iliyopigwa usiku ukumbini, ukiinua kivuli chake, inatoa chenga na vijidoa vya rangi. Hapo ridhika na robo badala ya nusu. Mwenye mifuko iliyovimba chini ya macho naye hasaidiwi kwa kung'arisha mfuko, kwani unazidi kutokeza. Kinachopunguzwa ni ule mstari mweusi ulio chini ya mfuko, mfuko wenyewe unabaki.

Faili ihifadhi na matabaka yake, kwa sababu kioo cha kompyuta hung'aa kuliko karatasi. Kilichotosha kwenye kioo huweza kurudi kuwa kizito kikichapwa. Chapa kwanza kipande kidogo chenye macho tu, kitazame karibu na dirisha, kisha inua kidogo mstari wa tabaka la Curves au uuache kabla ya kuchapa picha kubwa ya ukutani.