Kukutana Sokoni Hakutoshi: Masharti ya Ujirani Unaopunguza Chuki

Siku ya soko, daraja la Mto Amalo mjini Mulot huvukwa na watu tangu alfajiri. Upande mmja ni Kaunti ya Bomet, upande wa pili ni Narok. Wakipsigis, Wamaasai, Wakisii, Wakikuyu na wengine huuziana ng'ombe, mahindi, viazi na nguo, kisha jioni kila mtu hurudi kwao. Mgeni akiuona umati huo anaweza kudhani kwamba watu wanaofanya biashara pamoja kila wiki hawawezi kudhaniana vibaya. Wakaazi wenyewe wanajua kwamba ng'ombe wakiibwa usiku au uvumi ukienea wakati wa uchaguzi, maneno ya "sisi" na "wale" hurudi haraka.

Historia ya karibu inaonyesha jambo hilo. Katika mashamba ya chai ya Kericho, wafanyakazi wa jamii mbalimbali waliishi jirani na kuchuma majani pamoja kwa miaka mingi. Hata hivyo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wengi wa wale waliotoka jamii nyingine walilazimika kukimbia. Kwa hivyo kukaa karibu peke yake si kinga. Swali ni hili: kukutana kwa namna gani ndiko hupunguza chuki?

Masharti manne

Mwaka 1954, mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alitoa kitabu kuhusu chanzo cha dhana mbaya baina ya makundi ya watu. Alisema kwamba maingiliano huweza kuzipunguza dhana hizo, lakini alitaja masharti manne. Kwanza, watu wawe na hadhi sawa katika shughuli inayowakutanisha. Pili, wawe na lengo moja. Tatu, lengo hilo lifikiwe kwa kushirikiana, si kwa kushindana. Nne, wakubwa, sheria na desturi ziunge mkono ushirikiano huo waziwazi.

Mwaka 2006, watafiti Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya matokeo ya tafiti 515 kutoka nchi mbalimbali. Kwa jumla, waliokuwa wameingiliana zaidi na kundi jingine walikuwa na chuki kidogo zaidi, na matokeo yalikuwa mazuri zaidi pale ambapo masharti ya Allport yalizingatiwa.

Soko la Mulot likipimwa kwa masharti hayo, upungufu wake unaonekana. Muuzaji anataka bei ipande na mnunuzi anataka ishuke. Kila mmoja ana lengo lake, na wakishamalizana hawana haja ya kujuana.

Funzo kutoka kwa wafungaji maua

Mfano ulio wazi zaidi wa jinsi masharti hayo yanavyofanya kazi unatoka hapa Kenya, katika kiwanda cha kupakia maua ambacho mwanauchumi Jonas Hjort alikichunguza. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2014, ulitumia rekodi za kila siku za wafanyakazi 924 katika miaka miwili, ukiwemo wakati wa ghasia za mwanzoni mwa 2008.

Kazi ilifanywa na watu watatu kwa kila kikundi. Mmoja aliandaa waridi na kuwagawia wenzake wawili, nao waliyafunga mashada. Kila mfungaji alilipwa kwa mashada aliyofunga yeye mwenyewe, na mgavi alilipwa kulingana na kazi ya wafungaji wote wawili. Kwa hiyo mgavi alikuwa na kila sababu ya kuwapa wote maua ya kutosha.

Rekodi zilionyesha vingine. Ikiwa mfungaji mmoja alikuwa wa jamii ya mgavi na mwingine hakuwa, wa jamii yake alipata maua mengi zaidi. Ikiwa wafungaji wote wawili walikuwa wa jamii nyingine, wote walipunjwa. Mgavi alifanya hivyo ingawa mapato yake mwenyewe yalipungua. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka, upendeleo huo uliongezeka sana, hata kati ya watu waliokuwa wamezoea kufanya kazi meza moja.

Kiwanda kikabadilisha malipo. Wafungaji wawili wa kikundi kimoja wakaanza kulipwa kwa jumla ya mashada yao wote. Tangu hapo mgavi hakuweza tena kumnufaisha wa kwao kwa kumnyima mwingine, maana walichopata wawili hao kiligawanywa sawa. Katika vikundi ambavyo wafungaji walikuwa wa jamii mbili, kazi iliyofanywa iliongezeka.

Lakini pale ambapo wafungaji wote wawili walikuwa wa jamii nyingine, malipo mapya hayakusaidia. Mgavi bado alikuwa na mamlaka ya kugawa, na wao hawakuwa na cha kufanya ila kungoja. Hapo tunaona tofauti ya masharti mawili ya Allport. Malipo ya pamoja yaliwapa wafungaji lengo moja, lakini hayakuwapa hadhi sawa na yule aliyeshika maua. Tena, malipo hayo hayakugeuza mioyo ya watu. Yaliziba tu mwanya ambao upendeleo ulipitia.

Mechi ya amani inaweza kurudisha nyuma

Funzo la pili linahusu michezo. Mahali pengi, baada ya mzozo, huandaliwa mechi ya kandanda kati ya vijana wa upande huu na wa upande ule. Mtafiti Matt Lowe alijaribu jambo kama hilo nchini India kwa ligi ya kriketi ya vijana wa matabaka tofauti, akachapisha matokeo mwaka 2021. Vijana waliowekwa timu moja na wenzao wa tabaka jingine walipata marafiki zaidi kutoka matabaka hayo. Waliokutana na matabaka mengine kama wapinzani hawakupata faida hiyo, na kwa ujumla maingiliano yao yalipungua.

Kwa hiyo mechi ya Bomet dhidi ya Narok huwapa vijana sababu nyingine ya kushindana, na bao la utata likitokea, lawama hufuata mipaka ileile ya zamani. Ni afadhali kila timu ichanganywe na iitwe jina lisilo la upande wowote, ili kijana wa Kipsigis amhitaji kipa wa Kimaasai ndipo ashinde.

Mto Amalo kama kazi ya pamoja

Mulot ina jambo moja linalozifunga pande zote mbili, nalo ni mto wenyewe. Amalo hutoka Msitu wa Mau, hupita kati ya kaunti hizi mbili, kisha huungana na Nyangores na kuwa Mto Mara. Mkulima analima hadi ukingoni, mfugaji anashusha ng'ombe kunywa, na mvua ikinyesha udongo unaingia majini kutoka pande zote mbili. Upande mmoja ukipanda miti na mwingine ukiacha ukingo wazi, mto hauponi.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, na inavipa kazi ya kusimamia maji kwa ushirikiano na kutatua migogoro inayotokana nayo. Hilo ni sharti la nne la Allport: sheria tayari iko upande wa ushirikiano. Yaliyobaki hutegemea jinsi kazi inavyopangwa.

Tuseme kikundi cha watu 20, kumi kutoka kila ng'ambo, kimeamua kutengeneza sehemu moja ya kunyweshea mifugo na kupanda mianzi ukingoni. Njia rahisi ni kuwaachia watu wa Bomet ukingo wao na watu wa Narok wao. Hiyo ni njia mbaya. Miche ikifa upande mmoja, wa pili watasema, "Tuliwajua ni wavivu." Njia bora ni vikundi vya watu wanne, wawili kutoka kila upande, vinavyofanya kazi kwenye kingo zote mbili. Pesa ziwe katika akaunti moja inayohitaji sahihi za pande zote. Faini ya kuharibu miche iwe sawa kwa kila mtu, na iamuliwe na kamati, si na upande mmoja.

Hadhi nayo isisahaulike. Kikao kikifanywa kwa Kikipsigis pekee, Mmaasai atakaa kama mgeni, na kinyume chake vilevile. Kiswahili hakimpi yeyote nafasi ya mwenyeji. Vikao vipishane ng'ambo hadi ng'ambo, na uenyekiti uzunguke. Kazi ya kwanza iwe ndogo inayoweza kukamilika kabla ya msimu kwisha, kwa sababu kazi ya pamoja inayoshindwa huzaa lawama, na lawama hutupiwa wale wengine.

Dalili za kufaulu na mipaka yake

Orodha ya mahudhurio haionyeshi kama uhusiano umebadilika. Yapo mambo mengine ya kutazamwa. Watu wa pande mbili wameketi wakiwa wamechanganyika, au kila upande una benchi lake? Ng'ombe akipotea, mwanachama anampigia simu nani kwanza, jamaa zake au mwenzake wa ng'ambo? Uvumi ukienea, kuna mtu anayesema, "Ngoja nimuulize fulani kule"?

Hata kazi ikienda vizuri, mafanikio yana mpaka. Nchini Iraki, mtafiti Salma Mousa aliwachanganya Wakristo na Waislamu katika timu za kandanda, akatoa matokeo mwaka 2020. Wakristo waliokuwa na wenzao Waislamu timuni waliendelea kufanya mazoezi na Waislamu hata miezi kadhaa baadaye. Lakini hawakuwa tayari zaidi kuliko wengine kutembelea mkahawa katika mji wa Waislamu wengi. Waliwaamini wale waliowajua, na imani hiyo haikufika kwa wasiowajua.

Wakaazi wa Mulot wanaujua msemo unaoeleza hali hiyo: "Yule ni mtu mzuri, si kama wale wengine wao." Anayesema hivyo amepata rafiki, lakini dhana yake kuhusu jamii ya rafiki huyo iko palepale. Ndiyo maana kikundi cha watu 20 hakitoshi kikibaki na watu walewale miaka mitano. Wanachama wapya wanafaa kuingia kila msimu, na familia zao zijuane, ili kila nyumba pande zote za Amalo iwe na mtu inayemjua kwa jina ng'ambo ya pili, kabla ya usiku ambao ng'ombe watapotea.