Dubu Anayeziba Macho

Kwenye ukurasa wa kuingilia amekaa dubu wa katuni. Mtumiaji akiandika barua pepe, macho ya dubu hufuata herufi. Akigusa sehemu ya nenosiri, dubu huziba macho kwa viganja. Nenosiri likikataliwa, hununa. Mfano huu uliotengenezwa kwa Rive umeigwa na watengenezaji wengi wa programu za simu.

Dubu huyu si video. Ni mchoro wa vekta, yaani pointi na mistari ambayo simu huichora upya kila fremu, pamoja na vipande vifupi vya mwendo. Vipande hivyo huongozwa na mashine ya hali: ramani inayoonyesha dubu anaweza kuwa katika hali gani, na sharti gani litamtoa hapo kumpeleka kwingine.

Programu haimwambii dubu acheze kipande fulani. Humpa taarifa tu. `numLook` ni namba, nayo hubeba idadi ya herufi zilizoandikwa ili macho yasogee. `isHandsUp` ni ndiyo au hapana, na hubaki ilivyowekwa kama swichi ya taa. `trigFail` ni kichocheo: hulia mara moja kama kengele ya mlango, kisha hujizima.

Tofauti ya hizi mbili za mwisho ndiyo inayowasumbua wengi. Fundi akiweka kosa la nenosiri kama swichi, dubu atanuna mara ya kwanza. Mtumiaji akikosea tena, swichi tayari imewashwa, hakuna kilichobadilika, na dubu hatanuna tena. Kosa ni tukio, linahitaji kichocheo.

Kichocheo nacho kina mtego wake. Huishi fremu moja tu, na kama hali ya wakati huo haina njia inayokisikiliza, hupotea bila onyo lolote. Tuseme mtumiaji amebonyeza kitufe cha kuingia huku viganja bado vimeziba macho, na programu ikatuma hivi:

```
isHandsUp.value = false;
trigFail.fire();
```

Dubu anaanza kushusha mikono, na njia ya kutoka hapo inasubiri kipande kiishe. Mikono inapofika chini, kichocheo kimeshapotea. Ajabu ni kwamba, iwapo mikono hushushwa kitufe kinapobonyezwa na `fire()` ikasubiri jibu, kasoro hii hujificha mtandao ukiwa wa polepole, kwa kuwa jibu huchelewa na kuikuta mikono imeshashuka. Hujitokeza jibu linaporudi papo hapo.

Dawa ni kuchora njia ya kununa kutoka kwenye hali ya kushusha mikono pia, na kuipa muda wa mpito wa kama milisekunde 200 ili mikono isiruke ghafla. Wengine huchelewesha `fire()`. Hilo linakubalika, mradi maandishi ya kosa yatokee mara moja: anayesomewa skrini kwa sauti hamwoni dubu, na hana sababu ya kumsubiri.