Nauli Hulipwa, Tiketi Hukatwa

Mpwa wangu aliniandikia ujumbe kutoka Dar es Salaam: “Shikamoo mjomba. Nimekata ya saa kumi na mbili asubuhi. Wamenikata elfu mbili juu yake. Nilikupigia nikuambie, ikakatika.”

Nilikuwa nimekaa barazani na jirani yangu, mgeni anayejifunza Kiswahili kwa bidii ya kutisha. Nikampa simu asome, ajipime. Alisoma mara mbili, akaniuliza kwa upole kama kijana ameumia sana. Kamusi yake ilimwambia kwamba kukata ni kutenganisha kitu kwa chombo chenye makali, na hapo kulikuwa na mtu aliyekata, akakatwa, kisha kitu fulani kikakatika.

Hakuna aliyeumia. Kijana alinunua tiketi ya basi, akatozwa ada ya kulipia kwa simu, halafu mazungumzo yetu yakakomea njiani kabla hayajaanza.

Tuanze na tiketi, maana ndiyo iliyomtatiza zaidi. Kabla ya kompyuta, tiketi ya basi ilikuwa ukurasa wa kitabu. Karani aliandika jina, tarehe na namba ya kiti, akaichana, nawe ukaondoka na kipande huku kishina kikibaki kitabuni. Anayekata kwa mkono ni karani, lakini lugha ikampa abiria tendo hilo: ni mimi ninayesema “nimekata tiketi”. Leo mpwa wangu anapata tiketi kwenye simu, hakuna karatasi iliyochanwa popote, na bado amekata. Waarabu nao husema wamekata tiketi, kwa kitenzi chao cha kukata.

Ila angalia jambo moja. Unakata tiketi, unakata bima ya gari, unakata leseni, unakata kadi ya chama. Hukati nauli. Nauli unalipa. Sababu ni kwamba nauli ni hela inayokutoka, ilhali tiketi ni karatasi inayokujia. Kitenzi hiki kinaposimama mahali pa kununua, hufuata ile karatasi yenye jina lako au namba yako, inayokupa haki ya kusafiri, kuendesha au kulipwa ukipata ajali. Ndiyo maana hakuna anayekata unga dukani, ingawa unga nao unalipiwa.

Risiti inaonyesha mpaka wa kanuni hiyo. Nayo ni karatasi, nayo huchanwa, lakini mnunuzi hasemi “nimekata risiti”. Anayekata risiti ni muuzaji. Mimi humwambia “nikatie risiti”. Tiketi ndiyo niliyoifuata, kwa hiyo ni tendo langu. Risiti ni wajibu wa aliyepokea fedha, kwa hiyo tendo linabaki kwake. Na ile silabi ndogo katika “nikatie” inafanya kazi kubwa, kwa kuwa inataja anayefaidika. “Kaka amenikatia tiketi” maana yake pesa zimetoka mfukoni mwa kaka. “Karani amenikatia tiketi” maana yake karani ameandika tu, pesa ni zangu. Sentensi ni ileile. Kinachobadilika ni kazi ya mtu huyo, na msikilizaji anaijua kabla hujafungua mdomo.

Sasa hela yenyewe ikigeuka kuwa kitu kinachokatwa, mambo yanapinduka. Panda daladala na mwenzako, mpe konda noti ya elfu tano na useme “kata wawili”. Konda atatoa nauli za watu wawili kwenye noti hiyo na kukurudishia chenji. Hapa anayekata ni anayepokea. Noti imechukuliwa kama mkate: yeye anamega kipande chake, wewe unarudishiwa kilichobaki. Mwajiri hukata kodi kwenye mshahara kwa mtindo huohuo, na ule mchango wa asilimia 10 unaokwenda NSSF kutoka kwenye mshahara wa mfanyakazi wa Tanzania huitwa makato, neno ambalo halina maana nyingine siku ya mwisho wa mwezi.

Basi mpwa wangu alitumia pande zote mbili katika ujumbe mmoja. “Nimekata” ni yeye na karatasi. “Wamenikata” ni wao na hela yake. Hakuitaja tiketi wala ada, na hakuhitaji. “Ya saa kumi na mbili” inadokeza tiketi, kwa sababu hiyo ni saa iliyozoeleka ya mabasi ya mikoani, na “elfu mbili” inakuja na fedha zake. Neno “wa-” halina mtu nyuma yake. Ni wale “wao” tunaowatupia lawama zote.

“Ikakatika” ni mlango mwingine. Hapa kilichokatwa ni kitu kinachotiririka, na kukikata ni kukikomesha. Tunakata kiu, tunakata tamaa, mgonjwa anakata kauli kisha anakata roho. Na hapo umbo la kitenzi lina uzito. Ukiingia nyumbani gizani ukasema “umeme umekatika”, unaeleza hali: labda ni mtaa mzima, labda LUKU imekwisha. Ukisema “umeme umekatwa”, kuna mtu aliyeukata, na majirani wataanza kujiuliza kuhusu madeni yako. Hali ni hiyohiyo kwenye simu. “Imekatika” ni mtandao. “Amenikatia” ni ugomvi.

Rufaa ndiyo inayoniharibia mpangilio. Kukata shauri ni kumaliza mjadala, na linaelewana na kukata kiu. Lakini anayekata rufaa hamalizi kitu, anaanza upya. Wala hakumegwa kitu. Kila Mswahili anaielewa bila kufikiri, nami nimeacha kuibebesha maelezo.

Mtego mkubwa ni pale kinachokatwa kinapokuwa mtu. Wakati wa kura za maoni za vyama, mtu akikuambia “Mheshimiwa amekatwa”, unajua jina lake limeondolewa kwenye orodha ya wagombea. Toa sentensi hiyohiyo kwenye habari za mapigano ya wakulima na wafugaji, na utauliza amekimbizwa hospitali gani. Itoe ofisini siku ya mishahara, na utauliza ni shilingi ngapi. Hakuna herufi iliyobadilika. Kwa hiyo mwandishi makini hawaachii wasomaji kazi hiyo: ataandika “akatwa jina”, “akatwa panga”, “akatwa mshahara”. Na kuna mipaka ya miji pia. Kijana wa Nairobi akisema anamkatia dada fulani, usitafute tiketi, anamtongoza.

Jirani yangu alisikiliza yote hayo, akaandika daftarini. Kilichompendeza zaidi ni lile la daladala, kwa kuwa lilikuwa fupi na rahisi kukariri. Kesho yake alipanda peke yake kwenda Kariakoo, akampa konda noti na kusema kwa sauti ya mwenyeji: “Kata wawili.” Konda alitazama nyuma yake, akauliza mwenzake yuko wapi. Jirani, asielewe anaulizwa nini, akatikisa kichwa kwa tabasamu.

Jioni alikuja barazani akaniambia, kwa Kiswahili kisichokuwa na kosa hata moja, kwamba amekatwa nauli ya mtu ambaye hakupanda.